Pesa au Salio: Nani Anarudi Kununua?

Ndugu zangu, tuchukue duka la viatu linalouza mtandaoni. Mteja amerudisha kiatu cha shilingi 40,000 kwa kuwa kinambana. Muuzaji anaweza kumrudishia hela yake kwa simu, au kumpa salio la 44,000 la kununulia dukani hapohapo. Ofa ipi inamfanya anunue tena?

Wengi wanakosea kwenye kuhesabu. Mteja akija kutumia salio, wanaandika kwamba amenunua tena. Hapana! Huyo anakamilisha ununuzi uleule wa kwanza. Hela yake mnayo tangu siku ile. Ununuzi wa kuhesabu ni unaofuata, anaoulipia wote kwa pesa yake. Akiongeza 15,000 juu ya salio, hayo ni mauzo halisi, ila yaandikwe pembeni.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Anayechagua salio mara nyingi ni yule aliyekwisha kulipenda duka, na angerudi hata mngempa hela. Kwa hiyo msilinganishe waliochagua hiki na waliochagua kile. Wagaweni kabla ya kuchagua: oda ya namba shufwa irudishiwe hela tu, ya witiri ipewe nafasi ya kuchagua. Mhudumu asiamue nani aingie wapi, maana atawapa salio wateja anaowafahamu.

Tuseme kila kundi lina watu 100. Kundi la hela tu, 22 walinunua tena ndani ya siku 90. Kundi la kuchagua, 40 walichukua salio na 60 hela. Kati ya wale 40, 30 walitumia salio, na 12 kati yao wakanunua tena kwa pesa yao. Kati ya wale 60, walionunua ni 14. Ukihesabu matumizi ya salio unapata 44 dhidi ya 22, unashangilia. Hesabu sahihi ni 26 dhidi ya 22, na kwa makundi ya ukubwa huu, tofauti isiyofika watu 12 hivi inaweza kuwa bahati tu. Na ile nyongeza ya 4,000 kwa kila salio mmeshaigharamia.

Kwenye jedwali la marejesho, safu A iwe simu, B tarehe ya uamuzi. Kwenye karatasi ya `mauzo`, A simu, B tarehe, C salio lililotumika. Kisha:

```
=IF(COUNTIFS(mauzo!A:A,A2,mauzo!B:B,">"&B2,mauzo!B:B,"<="&B2+90,mauzo!C:C,0)>0,1,0)
```

Asiyetumia salio andikiwe 0. Seli tupu haihesabiwi. Namba za simu zianze zote na 255, la sivyo mteja mmoja ataonekana wawili. Tena, anayeagiza kwa laini moja na kulipa kwa nyingine, tumieni ile ya kuagizia siku zote.

Msijumlishe mpaka siku 90 za mteja wa mwisho zitimie, kwa sababu aliyerudisha kiatu wiki iliyopita bado hajapata muda wa kurudi.