Chapati ya 1,201

MWANAIDI: Karibuni tena kwenye kipindi. Kaka Hamisi, leo tulipanga mambo matatu, lakini niache kwanza niseme ya Jumatatu.

HAMISI: Ya mdogo wako wa Tandika?

MWANAIDI: Huyohuyo wa chapati. Alinipigia usiku, mnyonge: "Dada, nauza chapati 60 kwa siku, kila moja ina faida ya 200, mbona mwezi ukiisha sioni kitu?" Nikaenda, tukaketi na daftari lake, kurasa zimelowa mafuta.

HAMISI: Hiyo 200 kaipataje?

MWANAIDI: Anauza 500. Chapati moja inakula unga wa 200, mafuta 60, gesi 30, chumvi na mfuko 10. Jumla 300. Zinabaki 200.

HAMISI: Basi hapo ndipo anapojipunja. Hiyo 200 bado si faida, ni mchango wa kulipia gharama za kudumu. Kodi ya kibanda ni kiasi gani?

MWANAIDI: 70,000 kwa mwezi. Kijana anayesukuma 150,000. Ulinzi na taka 20,000. Hizo 240,000 zinatoka hata asipokanda donge moja.

HAMISI: Gawanya 240,000 kwa 200. Unapata chapati 1,200. Mpaka hapo hajapata faida wala hasara. Chapati ya 1,201 ndiyo ya kwanza yenye faida.

MWANAIDI: Nilimchorea mstari kwenye daftari. Kwa chapati 60 kwa siku, anafika 1,200 siku ya 20 ya kazi. Anafanya kazi siku 26, kwa hiyo siku 20 nzima anamtumikia mwenye kibanda na kijana wake. Siku 6 zilizobaki ndizo zake: chapati 360, shilingi 72,000. Aliutazama ule mstari kimya, akauliza, "Kumbe fedha yangu inaanza tarehe za mwisho?"

HAMISI: Na hizo 360 ndizo nafasi yake ya usalama. Kati ya 1,560 anazouza, ni kama asilimia 23. Mauzo yakishuka kwa kiasi hicho, bado hali mtaji. Yakishuka zaidi ya hapo, anakula mtaji.

MWANAIDI: Shule zilipofungwa aliteremka hadi 45 kwa siku. Ni 1,170 kwa mwezi, pungufu ya chapati 30, hasara ya 6,000. Aliijua pale alipokopa unga dukani wakati mauzo ya jana yalikuwa mkononi.

HAMISI: Hiyo ndiyo dalili. Lakini dada, hesabu yenu ina tundu. Mdogo wako mwenyewe analipwa nini?

MWANAIDI: Si hiyo 72,000?

HAMISI: Hapana. Anaamka saa kumi usiku kukanda. Kabla ya chapati alikuwa anashona kwa mtu kwa 150,000, ulituambia hapahapa. Weka mshahara wake kwenye gharama za kudumu: 390,000, gawanya kwa 200, ni chapati 1,950. Anauza 1,560. Yuko kwenye hasara kila mwezi.

MWANAIDI: Hilo silikubali. Hizo 150,000 hazijatoka mfukoni mwake. Nikimwambia ana hasara atafunga kibanda, na kibanda hakidaiwi na mtu.

HAMISI: Kinadaiwa na yeye mwenyewe.

MWANAIDI: Kaka, mstari ule unamwambia lini ataanza kukopa unga. Hiyo ndiyo kazi yake. Ukiingiza mshahara ambao hakuna anayeulipa, siku ya hatari haionekani tena.

HAMISI: Na usipouingiza, atakaanga miaka mitano akidhani biashara inamlipa. Akiugua, akaweka mtu pale jikoni, yule mtu alipwe nini?

MWANAIDI: Akiweka mtu, nitaandika. Gharama ambayo haijaja siiandiki.

HAMISI: Imekuja. Inaamka saa kumi usiku.

MWANAIDI: Hapo hatuelewani, na naona saa inakwenda. Tulitaka kusema kama apandishe bei…

HAMISI: Haitatosha leo. Lakini la mafuta liseme, maana linamgusa wiki hii.

MWANAIDI: Haya. Unga na mafuta vimepanda, chapati sasa inakula 340. Mchango umekuwa 160. 240,000 kwa 160 ni 1,500.

HAMISI: Na anauza 1,560 zilezile.

MWANAIDI: Nafasi imebaki chapati 60. Mauzo ya siku moja, kaka! Mvua ikinyesha kutwa mara moja tu, faida ya mwezi imekwenda na maji.

HAMISI: Kwa hesabu yako. Kwa yangu, 390,000 kwa 160…

MWANAIDI: Usianze. Fundi mitambo ananionyesha imebaki dakika moja.

HAMISI: …ni 2,438. Wiki ijayo mlete mwenyewe, tumuulize saa zake za usiku anaziuza kiasi gani.

MWANAIDI: Nitamleta. Na daftari lake nitalileta, lina mstari mmoja, na ni ule wa 1,500.