Sisi Gani? Kuchagua kati ya "isika" na "izahay" katika Kimalagasi

SALMA: Karibuni tena. Leo tunavuka mlango wa bahari tu, hapo Madagaska. Kiswahili kina "sisi" moja, ukisema "tutakula" umemaliza. Kimalagasi hakikuachii hivyo. Kinakuuliza: huyu unayeongea naye, anakula au hali?

KHAMIS: Na huwezi kulikwepa swali hilo. Kuna *isika*, yaani sisi pamoja na wewe ninayekwambia, na kuna *izahay*, sisi bila wewe. *Hisakafo isika*: tutakula, na wewe umo. *Hisakafo izahay*: tutakula sisi, wewe shauri yako.

SALMA: Hiyo ya kwanza inaweza kusikika kama mwaliko.

KHAMIS: Ndiyo, ndipo mgeni anapojikuta na mtu wa ziada mezani. Au kinyume chake: anadhani amekaribisha, kumbe amesema *izahay*, na mwenzake anaaga kwa adabu anaondoka. Kosa hili halionekani kwenye sarufi, sentensi imenyooka kabisa. Unaligundua kwa anachofanya msikilizaji.

SALMA: Tuseme kuwa Kimalagasi hakiko peke yake. Jirani zetu Wasomali wana *innaga* na *annaga*, mgawanyo huohuo. Waindonesia wana *kita* na *kami*, na Kimalagasi ni ndugu wa lugha zao, kimetoka upande wa Borneo. Sasa Bwana Khamis, mtu anatafsiri kutoka Kiswahili. Aanzie wapi?

KHAMIS: Asianze na "sisi". Aanze na msikilizaji. Ajiulize maneno haya anaambiwa nani, halafu aangalie kama huyo yumo kwenye kundi. Akiwemo hata mmoja kati ya wanaoambiwa, ni *isika*. Asipokuwemo hata mmoja, ni *izahay*, hata kama kundi ni la watu elfu.

SALMA: Tuchukue ujumbe wa simu. Mfanyabiashara anamwandikia mwenzake wa Mahajanga: "Tumefika bandarini. Tutakusubiri. Tukikutana tutakubaliana bei, kisha tutapakia mzigo wetu." Nahesabu "sisi" sita hapo, pamoja na ile ya "wetu".

KHAMIS: Twende moja moja. "Tumefika": mwenzake bado yuko njiani, kwa hiyo *tonga izahay*. "Tutakusubiri": hii ndiyo rahisi kuliko zote, kwa sababu kuna "ku" ndani yake. Mtu hajisubiri mwenyewe. *Hiandry anao izahay.* Popote unapoona sisi tunamtenda wewe, tunakusubiri, tunakushukuru, tunakuomba, basi ni *izahay* bila kufikiri. *Misaotra anao izahay*, tunakushukuru. Ukiweka *isika* hapo, umemfanya mtu ajishukuru.

SALMA: "Tukikutana" je?

KHAMIS: Hapo mwenzake ameingia. *Rehefa mihaona isika.* Na kukubaliana bei ni vivyo hivyo, huwezi kukubaliana naye bila yeye. Ona, ndani ya ujumbe mmoja, watu walewale wawili wanaoandikiana, "sisi" imeshabadilika katikati. Mtafsiri mvivu huchagua moja mwanzoni akaenda nayo mpaka mwisho. Ukiona tafsiri ndefu yenye *izahay* tupu, ishuku.

SALMA: Tumebakiwa na "tutapakia mzigo wetu".

KHAMIS: Na hapo ndipo penye pesa. Umiliki unabandikwa mwishoni mwa neno: *-ntsika* kwa jumuishi, *-nay* kwa ile inayomtenga msikilizaji. Mzigo ni *entana*. *Entantsika* ni mzigo wetu mimi na wewe, *entanay* ni mzigo wetu sisi, wewe huna fungu.

SALMA: Na Kiswahili kimesema "wetu" tu. Mnunuzi ameshalipa? Wana ubia? Hatujui.

KHAMIS: Hatujui, na tusibahatishe. Hapo mtafsiri anampigia simu mwandishi: mzigo ni wa nani, na atakayepakia ni nani? Ukiandika *entantsika* wakati mzigo bado ni wa muuzaji, umempa mnunuzi maandishi yanayosema kwamba na yeye ni mwenye mali. Ukiandika *entanay* kwa wabia, mmoja ataona amedhulumiwa.

SALMA: Mimi ningeongeza hivi: swali hilo liulizwe kabla ya kuanza kazi. Pitia maandishi yote, pigia mstari kila "tu-" na kila "-etu", zile zinazojieleza zijaze, zinazobaki zipeleke kwa mwenyewe kwa mkupuo mmoja. Kwa kawaida zitakazobaki ni za umiliki.

KHAMIS: Naam, maana kitendo huwa kina dalili zake, umiliki mara nyingi hauna.

SALMA: Sasa tuje kwenye hadhara. Padri au mchungaji anahubiri.

KHAMIS: Huu mfano naupenda. Anapowahubiria waumini anasema *Tompontsika*, Bwana wetu, maana waumini na yeye Bwana wao ni mmoja. Akigeuka kusali, anayeambiwa si waumini tena, ni Mungu, na Mungu hayumo kwenye kundi la wanaosali. Ndiyo maana Baba Yetu kwa Kimalagasi inaanza na *Rainay*. Ingekuwa *Raintsika*, ungekuwa unamwambia Mungu kwamba na yeye ana baba huyohuyo.

SALMA: Na wimbo wa taifa wao unafuata njia hiyohiyo: *Ry Tanindrazanay malala ô*, ewe nchi yetu ya mababu tuipendayo. Asiyejua atashangaa, wimbo wa kuunganisha taifa zima unatumiaje umbo la kutenga?

KHAMIS: Kwa sababu ya hiyo *ry*. Ni "ewe". Inayoitwa ni nchi, na nchi haijimiliki. Wananchi wote wako ndani ya *-nay*, aliye nje ni yule anayeimbiwa. Kwa hiyo tusiseme kwamba jumuishi ni ya upendo na nyingine ni ya ubaguzi. Nasikia watu wakifundisha hivyo, na si sawa.

SALMA: Tangazo la uhuru wa Indonesia la tarehe 17 Agosti 1945 ni hivyohivyo. Sukarno alisoma *Kami bangsa Indonesia*, sisi taifa la Indonesia, kwa umbo la kutenga, ingawa mbele yake walisimama Waindonesia.

KHAMIS: Tangazo la namna hiyo linaambiwa ulimwengu. Angesema *kita*, maneno yangekuwa mazungumzo ya wenyewe kwa wenyewe. Huo ni uamuzi unaobaki mkononi mwa msemaji: hadhira ikiwa na mchanganyiko, yeye ndiye anayeamua anaongea na nani. Kiongozi wa Madagaska akihutubia raia atasema *firenentsika*, nchi yetu. Akimgeukia balozi wa kigeni ukumbini humohumo, *firenenay*.

SALMA: Tahadhari moja kwa wanaojifunza Kiindonesia: mitaani Jakarta utasikia *kita* hata msikilizaji asipokuwemo. Ukiisikia usidhani umealikwa, subiri dalili nyingine. Katika maandishi rasmi mpaka unashikiliwa.

KHAMIS: Na tukirudi kwenye Kiswahili?

SALMA: Kutoka Kimalagasi kuja huku, usijaze "sisi sote pamoja nawe" kila ukutanapo na *isika*, itachosha na itanuka tafsiri. Acha "tu-" ifanye kazi yake. Fafanua pale tu ambapo msomaji anaweza kudhurika. *Isika* ya kualika watu wengi ina "twendeni", "tuleni", imeshatosha. Lakini *entanay* kwenye ujumbe wa biashara, mimi siandiki "mzigo wetu". Naandika "mzigo wetu sisi wauzaji".

KHAMIS: Na *entantsika*?

SALMA: "Mzigo wetu wa ubia." Kisha nampigia mwandishi simu kuhakikisha ubia upo kweli.