Pesa Zikishuka, Nani Anazipokea?

ZAINABU: Karibuni tena kwenye kipindi. Leo mwenzangu ameingia studio na rundo la insha kwapani, na uso haucheki. Kasimu, kulikoni?

KASIMU: Insha 42, Zainabu. Darasa la utawala wa umma. Niliwapa swali moja tu: ugatuaji wa madaraka unawafanya viongozi wawajibike kwa wananchi, au unawapa wakubwa wa mahali nafasi ya kuhodhi huduma? Karibu wote wamenipigia mstari katikati ya karatasi. Huku faida, huku hasara, halafu mwishoni "serikali izingatie pande zote mbili".

ZAINABU: Mimi ningefanya hivyo hivyo. Si umewaambia wapime?

KASIMU: Kupima si kuorodhesha. Hivi vitu viwili vinatoka mahali pamoja, ndiyo maana huwezi kuvitenga kwa mstari. Vyote vinatokana na ukaribu. Mwenyekiti akiwa jirani yako, unajua amejenga lini na kwa pesa ipi, kwa hiyo unaweza kumbana. Lakini naye anakujua wewe. Anajua nani anategemea saini yake, nani ana kesi ya mpaka wa shamba kwenye baraza lake. Ukaribu unakata kuwili.

ZAINABU: Kwa hiyo ulitaka waandike nini?

KASIMU: Wachukue pesa moja, waifuate inavyoshuka ngazi kwa ngazi, waangalie inakwamia wapi na kwa nini. Mfano mzuri uko Uganda, miaka ya tisini. Serikali kuu ilikuwa inatoa ruzuku kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, ya matumizi ya shule yasiyo mishahara. Pesa zinatoka hazina, zinapita wilayani, zinatakiwa zifike shuleni. Mwaka 1996 watafiti wakaenda kwenye shule 250 na kufungua vitabu vya hesabu: shule imepokea kiasi gani kati ya 1991 na 1995? Kisha wakalinganisha na kilichotumwa kutoka juu.

ZAINABU: Nakumbuka hii. Iliyofika ilikuwa kidogo mno.

KASIMU: Kwa wastani asilimia 13. Na wastani huo nao unadanganya kidogo, maana shule nyingi hazikupata hata senti. Chache zilizopata ndizo zilizoupandisha.

ZAINABU: Nyingine zililiwa wilayani.

KASIMU: Zilibaki wilayani. Hatujui kila shilingi iliingia mfuko wa nani. Nyingine huenda ziliziba matumizi mengine ya ofisi, nyingine za siasa. Ila mimi asilimia 13 siyo inayonigusa zaidi. Kinachonigusa ni shule zipi zilipata. Zilizo kwenye jamii zenye uwezo zaidi zilipata sehemu kubwa zaidi.

ZAINABU: Ngoja. Ruzuku ni kwa kichwa cha mwanafunzi. Kanuni haitofautishi shule ya matajiri na ya maskini.

KASIMU: Haitofautishi. Lakini mzazi aliyesoma akisikia kuna ruzuku, anafunga safari hadi wilayani, anauliza, anapandisha sauti, na ofisa anaona heri ampe yaishe. Shule ambayo wazazi hawajui kama ruzuku ipo, nani ataidai? Hapo ndipo mwanafunzi wangu angepaswa kusimama. Wizi unapunguza pesa kwa wote. Huduma inapotekwa na wenye nguvu, pesa zinaegemea upande mmoja. Ukitaka kujua kama eneo limetekwa, usiulize tu kimepotea kiasi gani. Uliza nani hakupata.

ZAINABU: Halafu magazeti yakaingia.

KASIMU: Serikali kuu ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika tangazo la kilichopokelewa. Kufikia 2001 shule zilikuwa zinapata zaidi ya asilimia 80 ya haki yao. Na zilizo karibu na mahali gazeti linapouzwa zilipanda zaidi kuliko zilizo mbali.

ZAINABU: Basi dawa ni taarifa. Wape wananchi habari, wamalize kazi wenyewe.

KASIMU: Taratibu. Mwaka 1997 Uganda ilianzisha elimu ya msingi ya bure. Fungu la pesa likakua, macho ya juu yakaongezeka, masharti ya matumizi yakabana. Kwa hiyo gazeti lilisaidia, lakini halikuwa peke yake uwanjani, na wachumi wamebishana sana kuhusu sehemu yake ni ipi. Mwanafunzi akiniandikia kwamba gazeti liliondoa rushwa, namkata alama.

ZAINABU: Mkali wewe.

KASIMU: Kuna jambo jingine wanalipita. Taarifa ile ilitoka wapi? Juu. Wilaya isingejitangazia kwamba imepokea kiasi hiki na imekizuia. Ni ngazi iliyogatua madaraka ndiyo iliyompa mwananchi namba ya kumbania aliyegatuliwa. Ugatuzi ulihitaji serikali kuu iendelee kusema.

ZAINABU: Mimi niliwahi kuwa kwenye kamati ya shule, sitaji ni wapi. Tangazo la mapato lilibandikwa kweli, kwa gundi, mhuri na kila kitu. Ila lilibandikwa ofisini, nyuma ya mlango. Mlango ukiwa wazi limefichika. Ulisome, ujifungie ndani na mhasibu.

KASIMU: Na mkaguzi akija anaandika "limebandikwa".

ZAINABU: Aliandika! Lakini nikubane kidogo. Ukiongea hivi, mtu atasema basi turudishe kila kitu makao makuu.

KASIMU: Hapana, makao makuu nayo yana vigogo wake, tena wenye matumbo makubwa. Angalia Bolivia. Sheria ya 1994 ilipandisha mgawo wa kodi za taifa unaoshuka kwenye manispaa kutoka asilimia 10 hadi 20, ukagawanywa kwa idadi ya watu. Kabla ya hapo miji michache mikubwa ndiyo iliyofaidi. Manispaa zikiwa 311, pesa zikahamia kwenye elimu, maji na usafi wa mazingira, na mabadiliko makubwa yalionekana kwenye manispaa ndogo na maskini, zile zile ambazo watu walitabiri zitamezwa na wakubwa.

ZAINABU: Kwa hiyo utabiri ulikosea.

KASIMU: Kwa jumla, ndiyo. Manispaa moja moja ni hadithi nyingine. Ziko zilizoendeshwa kama duka la familia. Ila mfano ninaoupenda kuliko yote ni barabara za vijijini Indonesia. Nikupeleke?

ZAINABU: Nipeleke.

KASIMU: Kisiwa cha Java, vijiji 608, miaka ya 2003 na 2004. Kila kijiji kimepewa pesa kijenge barabara yake ya mchanga, mawe na kokoto. Kijiji kinanunua, kijiji kinalipa vibarua, kijiji kinaandika hesabu. Mchumi Benjamin Olken akataka kujua kiasi gani kinaliwa. Risiti hazimwambii, risiti zote ni nzuri. Akapeleka wahandisi wachimbe.

ZAINABU: Wachimbe barabara iliyokwisha?

KASIMU: Wakishaijenga, wahandisi wanatoboa mashimo, wanapima tabaka la mawe lina unene gani, wanapiga hesabu ya vifaa vilivyomo. Wanauliza bei kwa wauzaji wa eneo hilo, wanauliza vibarua walilipwa ngapi. Na kwa kuwa vifaa hupotea hata bila wizi, mawe yakididimia au mchanga ukimwagika njiani, walijenga barabara ndogo za majaribio kujua upotevu wa kawaida ni kiasi gani. Tofauti kati ya hesabu ya kijiji na barabara yenyewe ndiyo pesa iliyopotea. Ilikuwa karibu robo.

ZAINABU: Na walijaribu dawa gani?

KASIMU: Mbili. Vijiji vingine viliambiwa kabla ya ujenzi: mtakaguliwa na wakaguzi wa serikali kuu, hakika. Kawaida uwezekano wa kukaguliwa ulikuwa asilimia 4, hapo ukawa 100. Vingine viligawiwa mialiko kwa mamia, ili wanakijiji wa kawaida waje kwenye mkutano wa kusomewa matumizi badala ya wale wale wa siku zote. Baadhi viliongezewa fomu ya maoni isiyo na jina.

ZAINABU: Moyo wangu uko kwenye mialiko.

KASIMU: Wa kila mtu. Ukaguzi ulipunguza upotevu kwa pointi 8 hivi za asilimia. Mialiko ilijaza mkutano, watu wakasema, lakini upotevu kwa jumla haukutikisika.

ZAINABU: Kwa nini?

KASIMU: Pesa za vibarua zilipungua kuibwa. Za vifaa hazikupungua, na vifaa ndivyo gharama kubwa. Fikiria: kibarua anajua amelipwa ngapi, na ikiandikwa zaidi anasimama. Ni pesa yake. Lakini kokoto ni za nani? Nani ana hesabu ya malori kichwani? Na aliyehesabu, kwa nini agombane na kiongozi kwa hasara itakayogawanyika kwa kijiji kizima?

ZAINABU: Na fomu za siri?

KASIMU: Hapo ndipo ninapowaambia wanafunzi wasome mara mbili. Sehemu nyingine fomu ziligawiwa na viongozi wa vitongoji, nyingine zilipelekwa nyumbani na watoto wa shule. Zilizopitia shuleni zilisaidia. Zilizopitia kwa viongozi hazikusaidia.

ZAINABU: Karatasi ile ile, maswali yale yale.

KASIMU: Mkono wa anayegawa ndio tofauti. Kwa kiongozi wa kitongoji, fomu zilipitia mkono wa mtu ambaye huenda mradi ni wake.

ZAINABU: Mtoto wa shule hana deni na mtu. Sasa mwanafunzi wako aandike kwamba ukaguzi wa juu umeshinda?

KASIMU: Aandike, halafu aongeze mstari mmoja. Kwenye vijiji vilivyojua vitakaguliwa, viongozi wa mradi waliwapa ndugu zao kazi za mradi zaidi kuliko kwingine. Mawe yanapimika. Mpwa wangu kubeba mawe, mkaguzi ataandika nini? Amefanya kazi, amelipwa, risiti ipo.

ZAINABU: Kwa hiyo barabara imekuwa nene, na familia imekula kihalali.

KASIMU: Na swali la mtihani ujao ni hilo: huo bado ni utekaji, au ni gharama tunayokubali ili barabara iwe nene?

ZAINABU: Mimi ningeanza kwa kuuliza nani alinyimwa hicho kibarua.

KASIMU: Ulikuwa unasikiliza. Wewe nakupa alama. Haya, hizi 42 naenda nazo nyumbani.