Loki inaishi na koneksheni, sio na skripti

Shikamooni wakubwa, na wengine mambo vipi. Nianze na kilichonikuta hapahapa Kigoma. Wafanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi niliwatengenezea kimfumo cha kukumbusha madeni kwa meseji, cron inaamsha skripti kila dakika 10, na kawaida inamaliza kwa 3. Jioni moja mtandao ukawa mzito, dakika ya 10 ikafika bado inatuma, cron haijui hilo ikaamsha nyingine, zote zikasoma orodha ileile na mama mmoja akapata meseji mbili za deni moja, akadhani anadaiwa mara mbili. Iliniuma sana.

Nikakimbilia advaizori loki ya PostgreSQL. Hiyo haifungi tebo wala mstari, ni namba tu mnayokubaliana, anayeiwahi anafanya kazi na mwingine anaondoka. Asiyeuliza namba hazuiliwi na chochote, hilo mlijue. Nikaandika hivi:

```sh
psql -tAc "SELECT pg_try_advisory_lock(7401)"
python3 tuma.py
```

Ikajibu `t`. Nikaamsha ya pili huku ya kwanza inatuma, nayo `t`! Nimekaa na hiyo kitu usiku mzima. Kumbe loki inashikwa na koneksheni, na psql ikishamaliza amri yake inafunga koneksheni, basi loki imeachiwa kabla hata tuma.py haijaanza.

Kwahiyo loki iombwe ndani ya tuma.py yenyewe, kwenye koneksheni inayobaki wazi mpaka mwisho, ikipata `f` itoke hapohapo. Tumia hiyo yenye `try`, maana `pg_advisory_lock` inasubiri, utakuta skripti zimepanga foleni kisha zinatuma moja baada ya nyingine.

Kuna dada kauliza hapo mbele, je kama tunapita PgBouncer, ile inayokaa katikati na kugawia programu nyingi koneksheni chache za PostgreSQL? Swali zuri sana. Ikiwa kwenye modi ya `transaction`, ombi lako la loki linaweza kwenda koneksheni moja na la kuachia likaenda nyingine, unapata `f` na onyo, loki inabaki imeng'ang'ania huko na kazi haiendi tena. Mimi skripti hii naipeleka moja kwa moja kwenye PostgreSQL yenyewe. Kuona nani kashika:

```sql
SELECT pid, objid FROM pg_locks
WHERE locktype = 'advisory';
```

Kazi ikiwa inaendelea lazima uone 7401 kwenye `objid`, usipoiona ujue umerudia kosa langu.

Uzuri wake skripti ikifa, koneksheni inakufa nayo na loki inaachiwa yenyewe, hakuna kwenda kufuta alama kwa mkono. Ila kuna kinyume chake, koneksheni ikikatika skripti ikiwa hai, loki imeenda na python bado inatuma tu. Ndio maana kabla ya kila meseji naandika jina la mdaiwa kwenye tebo ya kumbukumbu na kukomiti, kwa koneksheni ileile yenye loki, ikiwa imekatika inagoma hapo na meseji haitoki.