Kusafisha maelezo ya bidhaa kabla hujayaweka dukani mtandaoni

Haya wadau karibuni tena. Leo tunasafisha maelezo ya bidhaa, na nimechukua ya mafuta ya nazi kama mfano, maana ukiyaangalia haraka haraka utasema mbona yako poa tu. Yasome kwanza hapo kwenye skrini:

```
Mafuta ya Nazi ya asili. Yametengenezwa kwa
kwa nazi za Mafia. Paka kidogo kidogo kila
asubuhi, yana ondoa ukavu wa Ngozi. Yana harufu
nzuri. Bidhaa yenye samani. Ujazo 250ML.
Tunatuma mikoa mbali mbali.
```

Kopi maandishi yote toka kwenye ukurasa, pesti kwenye Notepad++, ni ya bure. Kama brauza yako inapiga mistari myekundu chini ya kila neno usiitegemee hiyo, kamusi iliyomo ni ya Kingereza kwa hiyo kwake Kiswahili chote ni kosa, na kosa lenyewe linajificha humo humo.

Tunaanza na maneno yaliyojirudia. Bonyeza Ctrl+F, kule chini kwenye Search Mode chagua Regular expression, hakikisha Match case haina tiki ili hata "Kwa kwa" yenye herufi kubwa mbele inaswe, alafu andika hivi:

```
\b(\w+)\s+\1\b
```

Maana yake tafuta neno, nafasi, alafu neno lile lile tena. Hizo \b mbili usizisahau jamani, zinasema neno liwe zima. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, ukiziacha itakukamatia hata "mafuta asili" kwa sababu ya ile a ya mwisho na a ya mwanzo, utapata makosa feki mpaka uchoke. Na hiyo \s inavuka mstari, ndo maana "kwa" ya mwisho wa mstari wa kwanza na "kwa" ya mwanzo wa mstari wa pili zinanaswa, na hapo ndipo jicho huwa linapitiliza.

Bonyeza Find All in Current Document. Yamekuja matatu, na hapa ndo kazi ilipo, usifute yote! "Kwa kwa" ni kosa, futa moja. "Kidogo kidogo" iache, ukifuta moja mteja ataelewa apake kiasi kidogo, wakati ulimaanisha apake kwa kuongeza taratibu. "Mbali mbali" hufuti wala huiachi hivyo, unaunganisha iwe "mbalimbali". Kwa hiyo Replace All hapa hapana, pitia moja moja. Ila ujue haishiki marudio yenye koma katikati kama "nywele, nywele", hayo ni ya kusoma kwa macho.

Sasa makosa ya tahajia. Kuna moja naliona kwenye maduka mengi sana, watu wanatenganisha kitenzi, "yana ondoa" badala ya "yanaondoa". Rudisha Search Mode kwenye Normal, tafuta "yana" ikifuatiwa na nafasi. Zimekuja mbili: "yana harufu" iko sahihi maana harufu ni nomino, yaani mafuta yana kitu, lakini ondoa ni kitenzi kwa hiyo unganisha. Fanya hivyo hivyo na "ina", "wana", "una". Alafu kuna "samani", hii hata kamusi ya Kiswahili ingeipitisha kwa sababu ni neno halali, ila samani ni makochi na makabati, tulitaka "thamani". Ya namna hii unayakamata kwa kusoma sentensi ya mwisho kwanza ukirudi juu, maana ukisoma kawaida kichwa kinajaza chenyewe kinachotarajia.

Herufi kubwa sasa. Amua kwanza sheria yako, mimi hapa nasema jina la bidhaa ni "Mafuta ya Nazi ya Asili" kila mahali, nazi ya kawaida na ngozi ni ndogo, vipimo ni "250 ml". Ukishaamua weka tiki Match case, tafuta "Ngozi", rekebisha, alafu "ML". Ukitaka kubadilisha kwa mkupuo weka na Match whole word only, la sivyo ukigeuza "nazi" kuwa "Nazi" na "minazi" itageuka "miNazi", itakuwa kichekesho.

Ukimaliza rudisha kwenye ukurasa, ufungue kwa simu, alafu angalia picha ya chupa. Maandishi yaliyo ndani ya picha Ctrl+F haiyaoni, na ukikuta lebo inasema 200 ml wakati umeandika 250, hapo chukua chupa yenyewe mkononi usome ujazo.