Kipindi: Chupa ya achari na tisheti nisiyolipwa

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tunazungumzia michoro ya kuagizwa. Mimi nimekaa miaka kwenye mashine za uchapaji, kwa hiyo michoro hunifikia ikiwa imeshamalizika, na lawama zikiwa zimeshaanza. Mwenzangu Baraka ndiye anayeshika penseli. Baraka, anza na ile ya tisheti.

BARAKA: Aa, dada Zuhura, unanitonesha kidonda! Haya. Mgahawa mmoja hapa Mombasa ulinipa kazi ya kuchora picha ya menyu: mzee anamimina kahawa kutoka kwenye dele, vikombe mkononi. Tukakubaliana kwa mdomo, nikalipwa, tukaachana kwa wema. Miezi michache baadaye napita pale, nakuta mzee wangu yuko kifuani mwa mhudumu. Kumbe tisheti zinauzwa pale kaunta.

ZUHURA: Ukaenda kudai.

BARAKA: Nikaenda nimefura. Kisha rafiki anayejua sheria akanipoza. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kifungu cha 31, inasema kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa makubaliano yenu yaseme vingine. Mimi sikuwa na makubaliano yanayosema vingine. Nilikuwa na "sawa kaka, tuko pamoja".

ZUHURA: Wengi wanadhani ni kinyume chake. Kwamba aliyechora ndiye mwenye picha mpaka aiuze.

BARAKA: Nchi nyingine ndivyo ilivyo. Hapa, ukinyamaza umeshatoa. Ndiyo maana sasa sichori hata mstari kabla ya karatasi moja inayosema picha inakwenda wapi, kwa muda gani, na kwamba hakimiliki inabaki kwangu.

ZUHURA: Hebu tuchukue kazi moja tuifuate. Ile ya mama wa achari.

BARAKA: Mama huyu anatengeneza achari ya embe, akataka picha ya lebo. Maelezo yake ya kwanza yalikuwa, nanukuu, "picha nzuri ya Mombasa". Kwenye simu akanieleza zaidi: mwanamke aliyevaa leso anakata maembe, nyuma yake mlango wa nakshi, pembeni jahazi baharini. Nikamwambia mama, kabla ya yote niletee chupa yenyewe.

ZUHURA: Chupa tupu?

BARAKA: Tupu. Lebo yake ilikuwa na urefu wa sentimita 20, inazunguka chupa yote. Sasa ishike chupa mbele ya macho yako. Unaona theluthi moja tu vizuri, kama sentimita saba hivi, kilichobaki kimepinda kwenda nyuma. Ningechora mandhari moja pana, mteja dukani angeona nusu ya mlango na mkono wa mtu. Kwa hiyo mwanamke na maembe lazima wakae katikati, jahazi upande mmoja, na upande wa pili uachwe wazi kwa maandishi ya viungo.

ZUHURA: Na mimi naongeza la mashine: rangi ipite mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande. Kisu kikiteleza kidogo bila ile ziada, lebo inatoka na ukingo mweupe. Mchoraji akijua baada ya kumaliza, anaanza kunyoosha bahari kwa nguvu.

BARAKA: Na jingine nililomuuliza: nani anasema ndiyo? Mtu mmoja. Akasema ni yeye. Hilo likaandikwa.

ZUHURA: Hapo ndipo bei?

BARAKA: Hapo, kabla ya penseli. Mimi nahesabu siku, na siku yangu ni shilingi 4,000. Hiyo ni yangu, kila mtu ana yake. Mwanamke mwili mzima, mikono inafanya kazi: siku mbili. Mikono ndiyo inayokula muda, vidole vilivyoshika kisu si mchezo. Mlango wa nakshi siku moja na nusu, maana kila ua limechongwa. Jahazi la karibu, na kamba zake, siku moja. Skechi na marekebisho siku moja. Jumla siku tano na nusu, shilingi 22,000.

ZUHURA: Na yeye ana ngapi?

BARAKA: Ana 15,000. Zamani ningeshusha bei nikachora yote huku nimenuna. Sasa napunguza picha. Mlango tukautoa, ukawa ukuta wa chokaa. Jahazi likasogea mbali, likabaki tanga tu kwenye upeo, nusu siku. Tukafika siku tatu na nusu, 14,000.

ZUHURA: Na nikwambie, picha ilipona. Kwenye theluthi ile mlango ungemmeza yule mwanamke.

BARAKA: Kweli. Basi, nusu ya pesa akatuma, nikaanza. Kwanza vijichoro vitatu vya ukubwa wa kiberiti, penseli tupu. Anachagua mpangilio, nani yuko wapi. Kisha mchoro wa penseli kwa ukubwa kamili, hapo anakubali uso, nguo, mkao, na robo nyingine ya pesa inaingia. Kisha majaribio ya rangi. Kila hatua ina marekebisho mawili ndani ya bei, na akishakubali, ule mlango unafungwa.

ZUHURA: Ukafungwa kweli?

BARAKA: Ah! Niko kwenye rangi, naletewa ujumbe wa Wasapu: mzee nyumbani anasema mwanamke asimame, asikae. Kwenye penseli hiyo ni saa mbili. Kwenye rangi ni siku mbili, kwa sababu akisimama, leso inaanguka vingine, kivuli kinahama, hata beseni la maembe linapanda. Nikamrudishia ujumbe wake mwenyewe wa kukubali penseli, na chini nikaandika: shilingi 8,000 za ziada, au tuendelee. Akajibu, "mwache akae."

ZUHURA: Mimi ndiyo maana huwaambia watu, kidole gumba cha Wasapu si kukubali. Mtu aandike: nimekubali mchoro wa penseli wa tarehe fulani.

BARAKA: Sasa matumizi. Ile 14,000 ni daraja la kwanza: lebo ya achari hiyo moja, Kenya, miaka miwili. La pili linaongeza matangazo, mitandaoni na mabango, hapo ni mara moja na nusu, 21,000. La tatu ni kuchukua kila kitu moja kwa moja, hakimiliki pamoja na ruhusa ya kutia picha kwenye bidhaa za kuuza. Hilo ni mara tatu, 42,000.

ZUHURA: Mtu atakuuliza, mkono ni uleule, kwa nini bei ipande?

BARAKA: Jasho ni lilelile, lakini picha inamfanyia kazi zaidi. Na nikimpa daraja la tatu, mimi siwezi tena kumwuzia mtu mwingine yule mwanamke, hata kwenye kadi ya Idi. Yeye alichukua la kwanza, akamaliza robo ya mwisho, nikampa faili safi. Kabla ya hapo alikuwa anaona nakala ndogo tu yenye jina langu katikati.

ZUHURA: Mwisho wa habari?

BARAKA: Mwezi wa nne akanipigia. Anataka bango la maonyesho na picha za mtandaoni. Nikafungua karatasi yetu, nikamsomea daraja la pili: tofauti ni 7,000.

ZUHURA: Akasemaje?

BARAKA: "Ngoja nitafute miwani." Akasoma na yeye. Jioni simu ikalia, M-Pesa.

ZUHURA: Na bango nililichapa mimi. Aliniomba nimsimamishe yule mwanamke.