Kilomita ya Nne Ilikuwa ya Uongo

Shikamooni wazee, hamjambo wengine. Nimeambiwa nizungumze kwa ufupi kabla watu hawajatoka kwenda mazoezini, kwa hiyo nitaonyesha picha moja tu. Ni picha ya skrini ya programu ya simu ya kupimia mbio, aliyonitumia dada mmoja wa hapa Mombasa, ambaye ameanza kukimbia miezi miwili iliyopita. Ruhusa yake ninayo, na yumo humu ndani, ila sitamnyooshea kidole. Chini ya picha aliandika, "Kaka, mbona kilomita ya nne niliruka kama swala, na mimi nilihisi nakufa?"

Swali hilo ndilo somo letu la leo.

Itazameni hapo ukutani. Juu kuna ramani yenye mstari wa rangi ya chungwa. Katikati kuna orodha ya kilomita, inayoitwa "Splits". Chini kuna mchoro wa milima. Wengi wetu tukifungua picha kama hii jicho hukimbilia tarakimu kubwa, na kwa dada yetu tarakimu hizo ni kilomita 5.20, muda 35:06, mwendo 6:45. Kisha tunaituma kwa jamaa. Mimi nawaomba muanze na ramani, kwa sababu tarakimu zote zimezaliwa na ule mstari. Mstari ukiwa na kasoro, watoto wake wote wana kasoro.

Kwanza tuelewane kuhusu mwendo, maana hapa wanaoanza hujikwaa. 6:45 ni dakika 6 na sekunde 45 kwa kila kilomita, kwa hiyo tarakimu ikipungua ndiyo umekwenda mbio zaidi. Tena baada ya zile nukta mbili ni sekunde, zinafika 59 halafu dakika inaongezeka. Niliwahi kumsikia kijana akisema 6:50 ni dakika sita na nusu. Hapana, hiyo ni dakika saba kasoro sekunde kumi.

Sasa tumfuate dada yetu njiani. Alianzia Mama Ngina, upande wa feri ya Likoni, jioni. Simu inaandika 17:12, yaani saa kumi na moja na dakika kumi na mbili kwa saa zetu. Akaifuata bahari, mibuyu kushoto na maji kulia, akapita uwanja wa gofu, akakata Kizingo hadi Fort Jesus. Hapo amekwisha kilomita tatu. Kilomita ya nne ameingia Mji wa Kale, Ndia Kuu na vichochoro vyake. Ya tano ametokea Makadara akamalizia huko.

Orodha yake inasema hivi: kilomita ya kwanza 6:05, ya pili 6:50, ya tatu 7:10, ya nne 6:10, ya tano 7:45. Mwisho kuna kipande cha mita 200 kwa mwendo wa 5:30.

Kilomita tatu za mwanzo zinapoa pole pole, kama chai iliyosahauliwa. Halafu ghafla 6:10, kisha kuzimika kabisa. Mwili haufanyi hivyo bila sababu. Ingekuwa alifukuzwa na mbwa ningeelewa, lakini nilimuuliza, akasema hakufukuzwa na kitu. Aliyemwona alikuwa muuza kahawa na dele lake, basi.

Tukuze ramani. Pale Mama Ngina mstari umelala vizuri juu ya barabara, umenyooka. Huko mbingu iko wazi, na simu ya kawaida mahali pa wazi hukosea kwa mita 5 hivi, kosa ambalo kwenye barabara ndefu halisumbui. Sasa tazameni Mji wa Kale. Mstari umekuwa meno ya msumeno. Hapa umepita juu ya paa la mtu, hapa umevuka nyumba mbili na kurudi, hapa umepiga kona ambayo haipo duniani. Dada yetu hakuruka juu ya mapaa.

Yaliyotokea ni haya. Simu hujua ilipo kwa kupima muda ambao mawimbi ya setilaiti yametumia kuifikia. Setilaiti zenyewe zinazunguka juu kiasi cha kilomita 20,000. Ukiwa ndani ya kichochoro, kuta ndefu za mawe pande zote mbili na roshani juu ya kichwa, mawimbi mengi hayakufikii moja kwa moja. Yanagonga ukuta wa jirani kwanza, ndipo yanaingia kwenye simu. Yamechelewa kidogo sana, lakini simu inadhani setilaiti iko mbali zaidi kuliko ilivyo, na inakuweka upande wa pili wa nyumba. Sekunde chache baadaye mawimbi mengine yanagonga ukuta mwingine, unarudishwa huku. Programu nayo inaunga nukta hizo na kukuhesabia kila mruko kama mita ulizokimbia.

Kwa hiyo saa haikudanganya. Dakika 6 na sekunde 10 zilipita kweli. Kilichodanganya ni umbali.

Tukapima. Tulifungua ramani ya kawaida ya simu, ile yenye kifaa cha kupimia umbali, tukaifuata kwa kidole njia aliyopita kweli, kona kwa kona, yeye akinielekeza. Pale programu ilipohesabu kilomita nzima, sisi tulipata kama mita 820. Dakika 6 na sekunde 10 ni sekunde 370. Gawanya kwa 0.82, unapata sekunde 451, yaani 7:31 kwa kilomita.

Irudisheni hiyo 7:31 mahali pake, muisome orodha upya: 6:05, 6:50, 7:10, 7:31, 7:45. Swala amepotea. Tuliyebaki naye ni mkimbiaji aliyeanza kwa pupa, akalipa deni kila kilomita mpaka mwisho. Alivyohisi mwilini ndivyo ilivyokuwa. Na umbali wake wote si 5.20 bali kama 5.02, na wastani wake si 6:45 bali karibu 7:00.

(Hapa mzee mmoja aliyekaa mbele aliuliza: "Mwanangu, na zile mita mia mbili za mwisho, 5:30, nazo ni uongo?")

Zile si uongo, mzee wangu, ila msizipe cheo. Ni kipande tu kilichobaki baada ya kilomita ya tano, na programu imekikuza kama kwamba ni kilomita. Katika mita 200, simu ikikosea mita 10 tu, mwendo unabadilika kwa sekunde 16 hivi. Tena mtu akiona amekaribia kumaliza huchapuka, hata aliyechoka. Kitazameni, mpite.

Wakati mwingine kosa huja kinyume. Simu ikiwekwa kwenye hali ya kubana betri huacha kuandika nukta mara kwa mara. Utaona mstari ulionyooka kama rula umekata kona za barabara, au umepita juu ya bahari. Hapo umbali unapungua na mwendo unaonekana mzito kuliko ulivyo. Dawa yake ni kuizima hiyo hali kabla ya kutoka. Na mkiwa mnasubiri, simameni mahali pa wazi dakika moja mpaka simu ishike setilaiti, ndipo mbonyeze kuanza. Msianzie ndani ya ngazi za ghorofa. Na bora msianzie mlangoni kwenu kabisa, kwa sababu nukta ya mwanzo wa mstari humwonyesha kila atakayeiona picha pale unapolala.

Sasa ile milima ya chini. Dada yetu aliandikiwa "Elevation Gain", yaani jumla ya kupanda kwake, mita 74, na mchoro wake una vilele utadhani alikuwa Taita. Someni namba za pembeni kwanza: chini kabisa ni 2, juu kabisa ni 21. Mlima wote huo ni mita 19. Programu huuvuta mchoro ujaze nafasi yake, hata ukikimbia juu ya meza.

Lakini 74 imetoka wapi katika kisiwa kama hiki? Simu yake haina kipimo cha hewa, kile kinachotambua kuwa umepanda kwa kupima kanieneo, kwa hiyo programu inachukua nukta za ramani na kuuliza mwinuko wa kila nukta kwenye ramani iliyokwisha kutengenezwa. Ramani moja ya namna hiyo, inayotumika sana, ilipimwa na chombo cha anga cha Endeavour mwezi wa Februari 2000, na vipande vyake vina upana wa mita 30 hivi. Mama Ngina mnaijua, barabara iko juu ya jabali la matumbawe na bahari iko chini. Kipande kimoja cha mita 30 kinaweza kuchanganya barabara, jabali na maji. Mstari ukisogea mita chache kuelekea baharini, umeshuka. Ukirudi barabarani, umepanda. Jumlisha kila kupanda huko njia nzima, utapata mlima. Wanaovuka Daraja la Nyali huona ajabu nyingine: wao wanapanda daraja, mchoro unatumbukia, kwa sababu ramani mara nyingi inajua maji yaliyo chini kuliko lami iliyo juu yake. Kwa hapa kisiwani mimi mchoro huo siutumii kuelezea mwendo. Ningekuwa Wundanyi ningeutazama kwa makini sana.

Limebaki jambo moja ambalo picha imeliweka pembeni kwa maandishi madogo. Ile 35:06 ni "Moving Time", muda wa kukimbia tu. Pembeni yake kuna "Elapsed Time", muda wote tangu kuanza hadi kumaliza pamoja na kusimama, 41:30. Tofauti ni dakika 6 na sekunde 24. Ramani inatuambia zilikwenda wapi: mbele ya Fort Jesus kuna fundo dogo la mstari, kama uzi uliosokotana. Simu iliyosimama hutangatanga hivyo. Nilipomuuliza, akacheka. Ni dafu. Programu ilisimamisha saa yenyewe na kumstahi, lakini miguu ilikuwa imekwisha kukataa, kwa sababu ya ile 6:05 ya mwanzo kwenye joto na unyevu wa saa kumi na moja.

Nilimwambia arudie kilomita tano, aende na kurudi Mama Ngina peke yake, asiingie vichochoroni, na kilomita ya kwanza asipite chini ya 7:10 hata akipitwa na watoto. Akaleta picha ya pili: 7:10, 7:05, 7:08, 7:00, 6:50. Jumla 35:13. Alisikitika kidogo, akasema mbona hakuongeza mbio. Nikamwonyesha yale maandishi madogo. "Elapsed Time" ilikuwa 35:20. Zile sekunde 7, aliniambia, alikuwa akifunga kamba ya kiatu.